Dakika 40 kwa Shilingi 45,250

Mwezi uliopita kijana mmoja niliyemfundisha miaka ya nyuma, ambaye sasa ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam, aliniletea hati ya mshahara ya mshonaji mmoja. Kiwanda sitakitaja, wala mshonaji sitamtaja. Kijana huyu hakuja kulalamika. Alikuja na swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza lilionekana dogo: je, makato haya ni halali, na kama ni halali, je, ni ya haki? Nilimwambia aniachie nakala. Nimekaa nayo kwa wiki tatu, na ninaandika kwa sababu naona maswali yake mawili hayafungamani kama tulivyozoea kudhani.

Nianze na hati yenyewe. Mshahara wa msingi ni shilingi 195,000 kwa mwezi. Chini yake kuna mstari wa pili: bonasi ya mahudhurio, shilingi 30,000. Dada huyu alipoajiriwa aliambiwa kwa mdomo kwamba mshahara ni "laki mbili na ishirini na tano", na ndivyo alivyowaambia ndugu zake. Kazi inaanza saa 1:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, mapumziko yakiwa saa moja, siku 6 kwa wiki. Hizo ni saa 7 na nusu kwa siku, saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo saa za kawaida za juu kabisa zinazoruhusiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Jedwali la sheria hiyo linatoa njia ya kupata thamani ya saa moja kutoka mshahara wa mwezi, na kwa wiki ya saa 45 mwezi unahesabiwa kuwa na saa 195. Kwa bahati njema ya msomaji, hesabu yetu inakuwa nyepesi: saa moja ya dada huyu ni shilingi 1,000, na siku moja ni shilingi 7,500.

Katika mwezi huo alichelewa mara tatu. Mara ya kwanza dakika 8, ya pili dakika 12, ya tatu dakika 20. Jumla dakika 40. Kwa thamani ya saa tuliyoipata, dakika hizo ni shilingi 667.

Sasa tazama kiwanda kilivyohesabu. Kanuni zilizobandikwa mlangoni zinasema kuchelewa zaidi ya dakika 5 ni faini ya shilingi 2,000. Kuchelewa zaidi ya dakika 15 ni kukatwa nusu siku. Kwa hiyo mara mbili za kwanza zilimgharimu shilingi 4,000, na ya tatu shilingi 3,750. Kanuni nyingine inasema kuchelewa mara tatu katika mwezi mmoja kunahesabiwa sawa na kutofika kazini siku moja, hivyo akakatwa shilingi 7,500 nyingine. Na kwa kuwa sasa alikuwa amehesabiwa "kutofika", bonasi yote ya mahudhurio ikaondoka, shilingi 30,000. Ukijumlisha unapata shilingi 45,250. Mshahara aliotangaziwa wa 225,000 ukashuka hadi 179,750, kabla hata ya makato ya NSSF. Kwa dakika 40 alipoteza malipo ya siku 6 za kazi, takriban mara 68 ya thamani ya muda ambao hakuwepo kwenye cherehani.

Msomaji ataona kwamba makosa ni yaleyale matatu, lakini yameadhibiwa katika ngazi tatu: faini ya papo hapo, siku ya kubuni, na bonasi. Naiita siku ya kubuni kwa sababu ni siku ambayo dada huyu hakukosa kazini. Alikuwepo. Siku zote tatu alishona hadi saa 9:30, na nguo alizoshona zilihesabiwa, zikapakiwa, zikauzwa.

Hapa inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya viwandani huitwa kwa jina moja la "makato". La kwanza ni kutolipwa muda ambao hukufanya kazi. Hili sina ugomvi nalo. Mkataba wa kazi ni kubadilishana muda na ujira, na anayetoa dakika 7 pungufu hawezi kudai alipwe kama aliyezitoa. La pili ni faini, yaani fedha inayochukuliwa kutoka ujira ambao tayari umeshaufanyia kazi. La tatu ni kunyimwa kitu cha ziada ambacho hukukistahili kwa kuwa hukutimiza sharti lake. Mwajiri hodari katika mambo haya hufanya la pili lifanane na la kwanza, na la tatu lifanane na zawadi.

Kuhusu faini, sheria yetu iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 28 kinamkataza mwajiri kukata chochote kutoka kwenye ujira isipokuwa makato hayo yawe yanatakiwa au yanaruhusiwa na sheria iliyoandikwa, mkataba wa hali bora, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi; au mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Neno la kushika hapo ni deni. Mwajiri akidai amepata hasara kwa uzembe wa mfanyakazi, anatakiwa amwandikie chanzo cha hasara, kiasi chake na hesabu yake, ampe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Mimi si mwanasheria, lakini nimefundisha kusoma matini kwa miaka mingi, na sioni namna ambayo faini ya shilingi 2,000 iliyopangwa kabla ya kosa kutokea, ikiwa ileile kwa mshonaji na kwa mfagiaji, inaweza kuitwa deni. Hakuna aliyepima hasara. Hakuna aliyeandikiwa hesabu. Sahihi ambayo dada huyu aliweka siku ya kuajiriwa chini ya "nimesoma na kukubali kanuni za kiwanda" ni ukubali wa kanuni, haikuwa ukubali wa deni, kwa sababu siku ile deni halikuwepo.

Majirani zetu wa Kenya wameandika jambo hili kwa namna inayofundisha. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi kisichozidi ujira wa siku moja kwa kila siku ambayo mfanyakazi hakuwepo kwa siku nzima bila ruhusa au sababu halali. Maneno "siku nzima" yamewekwa makusudi. Huwezi kuchukua vipande vitatu vya asubuhi ukavishona pamoja ukapata siku. Kwetu sharti hilo halikuandikwa hivyo, lakini katazo la jumla la kifungu cha 28 linafika mahali palepale kwa njia ndefu zaidi.

Mtu anaweza kuuliza, ikiwa sheria inakataza, kwa nini faini hizi zimeenea na maofisa utumishi wazoefu wanaziandika bila kupepesa macho? Nadhani jibu moja liko katika historia. Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964 ilikuwa na jedwali la nidhamu lililopanga makosa na adhabu zake ngazi kwa ngazi: onyo, karipio, karipio kali, na faini, kabla ya kufikia kufukuzwa. Kwa miaka arobaini wasimamizi walilelewa ndani ya jedwali hilo. Sheria ya 2004 ililifuta, ikaacha nidhamu iende kwa njia ya maonyo na vikao vya kusikilizwa, lakini desturi haifutwi na Bunge siku moja na sheria. Na tukirudi nyuma zaidi tunakutana na kipande cha mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro: kadi yenye nafasi za siku 30, ambapo manamba alilipwa alipokwisha kuzijaza zote, na siku ambayo hakumaliza ngwe yake haikuwekewa alama. Siku 29 hazikuwa siku 29. Zilikuwa kadi ambayo bado haijajaa. Nikitazama bonasi inayotoweka yote kwa sababu ya asubuhi moja, naona kadi ileile, ila sasa inasomwa na mashine.

Na mashine nayo ina habari zake. Katibu wa tawi alipoomba taarifa ya mahudhurio ya mwezi ule, alipewa, kwa shingo upande, karatasi zenye muda wa kila kidole kilichowekwa. Tulizisoma pamoja, na ninakiri kwamba saa mbili zile zilinifundisha zaidi ya makala nyingi.

Zamu ya asubuhi ina watu kama 300. Mlangoni kuna mashine mbili za alama za vidole. Mtu mmoja huchukua wastani wa sekunde 6: anasogea, anaweka kidole, mashine inasita, anafuta kidole kwenye nguo, anaweka tena. Watu 300 kwa sekunde 6 ni sekunde 1,800. Mashine mbili zikifanya kazi, foleni inaisha kwa dakika 15. Moja ikifa, dakika 30. Siku ya kwanza aliyochelewa dada yetu, mashine moja ilikuwa imekufa. Hili hatukuambiwa na mtu. Lilionekana kwenye karatasi, kwa kuwa namba ya mashine ya pili haikuwepo popote siku ile. Alama zilianza kumiminika saa 12:40 na kuendelea bila kupumzika hadi saa 1:10, kila baada ya sekunde 5, 6 au 7. Yeye anasema alifika getini saa 12:53 na kuwakuta watu kama 150 mbele yake. Watu 150 kwa sekunde 6 ni dakika 15. Alama yake imeandikwa saa 1:08. Anasema kweli, na karatasi ya mwajiri ndiyo shahidi wake.

Ishara hiyo ni rahisi kuikumbuka. Watu wanaochelewa kwa sababu zao hufika kwa kupishana: mmoja saa 1:03, mwingine saa 1:11, wawili saa 1:12. Alama zikifuatana kwa sekunde chache bila pengo tangu kabla ya saa ya kuanza hadi baada yake, wanaochelewa hapo wamecheleweshwa na foleni. Kumtoza faini mtu aliyesimama ndani ya geti la mwajiri, akisubiri mashine ya mwajiri, ni kumuuzia ubovu wa mashine.

Siku ya pili, ile ya dakika 12, ilionyesha sura nyingine. Siku za kawaida waliochelewa hawazidi 12. Siku ile walikuwa 74. Katibu hakuhitaji kufikiri. Ilikuwa siku ambayo mvua ya usiku ilifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, na wote wanaotoka upande wa Kariakoo na Ilala walilazimika kuzunguka. Mkazi yeyote wa jiji hili anajua Jangwani ikijaa maji mambo huwaje: mabasi ya mwendokasi husimama, na daladala zinazozunguka hujaa hadi mlangoni. Kuchelewa kukijikusanya katika siku moja kwa watu wengi wa njia moja, chanzo ni njia. Naelewa kwamba barabara si ya mwajiri, na kwa hiyo sidai alipe dakika zile 12. Ninachokataa ni kuzigeuza kosa la nidhamu, kwa kuwa kosa linataka mkosaji aliyeweza kutenda vinginevyo.

Siku ya tatu hatukuwa na la kumtetea. Wenzake wa njia yake walifika, mashine zote mbili zilifanya kazi, na yeye mwenyewe hakuwa na maelezo zaidi ya kwamba usingizi ulimzidi. Dakika 20 ni zake. Kwa thamani ya saa yake ni shilingi 333.

Nisije nikaonekana ninasikiliza upande mmoja, nieleze hoja ya kiwanda kama meneja wa uzalishaji alivyomweleza katibu, kwa sababu ni hoja ya mtu anayejua kazi yake. Laini moja ya kushona mashati ina cherehani kama 40, na shati linapita mkononi mwa kila mmoja kwa mpangilio. Anayeunganisha kola akikosekana, wanaofuata hawana cha kushona ndani ya dakika chache, na waliomtangulia wanarundika kazi mbele ya kiti kitupu. Hasara ya dakika 20 za mtu mmoja, alisema, si shilingi 333. Ni dakika 20 za laini. Kwa hiyo faini ni ndogo kuliko hasara.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana viwanda vyenye mpango huweka mtu wa akiba kwa kila laini, mshonaji anayejua vituo vingi, wa kuziba pengo la asubuhi. Kiwanda hiki kinao watu hao. Siku ile ya tatu mmoja wao alikaa kwenye kituo cha dada yetu kuanzia saa 1:02 hadi alipofika. Laini haikusimama. Hapo ndipo sharti la sheria la hasara halisi linapoonyesha busara yake: mwajiri anayedai hasara aionyeshe, kwa siku ile, kwa laini ile. Asipoweza, anachokata kinabaki kuwa adhabu. Na adhabu yenyewe ina kasoro ambayo haipatikani hata katika mahakama ya mwanzo. Mahakama ikitoza faini, hakimu haiweki mfukoni mwake. Faini ya kiwandani haiendi popote. Inapunguza tu jumla ya mishahara ya mwezi. Anayetunga kosa, anayelishuhudia, anayelihukumu na anayefaidika ni mmoja.

Nimeichelewesha bonasi hadi hapa kwa sababu ndiyo sehemu kubwa ya hasara, shilingi 30,000 kati ya 45,250, na ndiyo sehemu ambayo sheria inatoa msaada mdogo. Mwajiri atasema: bonasi si ujira, ni ziada; sijamkata, sikumpa. Kwa maneno matupu hoja hiyo ni ngumu kuivunja. Inabidi uulize bonasi hiyo ilizaliwaje.

Katika kiwanda hiki anayeajiriwa huambiwa kiasi chote kwa pamoja, 225,000, na mgawanyo hukutana nao kwenye hati ya kwanza. Wafanyakazi wengi huipata miezi mingi. Ni sehemu ya kodi ya chumba na ada, si ya sherehe. Wakongwe wanakumbuka kwamba hapo zamani hapakuwa na mstari wa bonasi, na kwamba ulipoanza, mshahara wa msingi haukupanda kwa miaka kadhaa. Mambo haya matatu yakikutana, mimi naisoma bonasi kama ujira uliotolewa nje ya mshahara na kupewa jina jipya, ili uwe rahisi kuondolewa.

Tena jina hilo lina faida nyingine kwa mwajiri hata katika mwezi ambao hakuna anayechelewa. Malipo ya saa za ziada kwa sheria yetu ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Msingi ukiwa 195,000, saa ya ziada ni shilingi 1,500. Ungekuwa 225,000, ingekuwa takriban shilingi 1,730. Tofauti ya shilingi 230 kwa saa si kitu, mpaka ukumbuke kwamba sheria inaruhusu hadi saa 50 za ziada katika wiki nne, na kwamba katika misimu ya oda kubwa wengi hufika huko: zaidi ya shilingi 11,000 kwa mtu mmoja. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, nacho kinapimwa kwa msingi huohuo uliopunguzwa.

Lakini hata bonasi ya kweli, iliyotolewa kwa moyo mweupe juu ya mshahara unaotosha, inaweza kuwa dhalimu kwa umbo lake. Bonasi hii ni genge: upo juu au umeanguka, hakuna ngazi. Aliyeipoteza tarehe 3 hana sababu ya bonasi ya kuwahi hadi mwezi uishe. Watafiti Timothy Gubler, Ian Larkin na Lamar Pierce walichunguza viwanda vya kufulia nguo vya kampuni moja ya Marekani, ambapo kimoja kilianzisha tuzo ya mahudhurio, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Wafanyakazi waliwahi zaidi pale tu walipokuwa bado na nafasi ya kushinda. Wakishaikosa walirudia mwendo wa zamani. Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba wale waliokuwa wakiwahi siku zote, kabla ya tuzo yoyote, ufanisi wao ulishuka. Walikuwa wamefanya jambo kwa uungwana wao, likageuzwa kuwa mchezo ambao wachelewaji waliocheza kwa hesabu walizawadiwa sawa nao.

Hapa kwetu genge hilo lina ubaya wa ziada. Kiwanda hiki kinaondoa bonasi kwa kutofika kokote, na "kokote" ni pamoja na likizo ya ugonjwa yenye karatasi ya daktari na siku za msiba. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa yenye malipo, na siku 4 za malipo anapofiwa na mzazi, mwenzi au ndugu wa kuzaliwa, au mtoto wake anapougua au kufariki. Mwajiri hawezi kuikataa likizo hiyo, kwa hiyo ameiwekea bei: shilingi 30,000. Katibu alinieleza kuhusu wanaokuja kushona na homa ya malaria mwilini kwa sababu ni tarehe 24 na bonasi imebaki siku chache. Hapo mwajiri anapata mahudhurio kamili na mishono isiyonyooka.

Kuna lingine ambalo kama lingekuwa peke yake lingenitosha kuandika. Mama anayenyonyesha ana haki, kwa sheria yetu, ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Katika karatasi zile tuliwaona wanawake wawili wanaoingia saa 2:00 kamili kila siku, kwa makubaliano na msimamizi, wakianza siku kwa kunyonyesha. Msimamizi anajua. Mashine haijui. Inawaandika "amechelewa" siku 26 kati ya 26. Faini huondolewa kwa mkono na ofisa utumishi kila mwisho wa mwezi, lakini bonasi hawajaipata tangu walipotoka likizo ya uzazi, kwa sababu programu inaihesabu yenyewe na hakuna aliyeagiza ibadilishwe. Makato ya namna hii hayana mtu aliyeyaamua, na kwa hiyo hayana mtu wa kumlaumu mlangoni.

Katibu aliniuliza basi kanuni ya haki ingeonekanaje kwa namba zilezile. Tulijaribu. Dakika zisizofanyiwa kazi zisilipwe, dakika kwa dakika, baada ya kutoa zile za foleni. Faini na siku ya kubuni zifutwe, na mchelewaji sugu apelekwe kwenye maonyo ya maandishi, ambako atapata nafasi ya kujieleza. Bonasi igawanywe kwa siku 26, yaani takriban shilingi 1,154 kwa siku, ili aliyekosa siku moja apoteze ya siku moja. Na siku za likizo halali pamoja na saa za kunyonyesha zihesabiwe kama mahudhurio. Dada yetu, hata tukimhesabia kuchelewa kote kuwa ni kwake, angepoteza shilingi 667 za muda na 3,462 za bonasi, jumla 4,129. Tukimhesabia siku ya tatu peke yake, angepoteza 1,487. Bado angeumia kidogo, na nadhani inafaa aumie kidogo.

Sasa lipo suala ambalo wanaharakati wanaosoma hapa wasilipite haraka. Kifungu cha 28 kinaruhusu makato yaliyomo katika mkataba wa hali bora, na hata Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 95 wa mwaka 1949 kuhusu ulinzi wa ujira, ambao nchi yetu imeuridhia, unayatambua makato yaliyowekwa kwa njia hiyo. Maana yake ni kwamba tawi dhaifu linaweza kuhalalisha kwa sahihi moja kile ambacho mwajiri hakuweza kukihalalisha kwa bango la mlangoni. Kijana wangu alikuwa na rasimu ya mkataba mpya mezani, na katika kiambatisho cha tatu, baada ya ukurasa wa vifaa vya usalama, jedwali la faini lilikuwa limewekwa lote, pamoja na siku ya kubuni, likisubiri chama kitie sahihi. Nyongeza ya mshahara iliyoahidiwa katika ukurasa wa kwanza ilikuwa shilingi 10,000.

Wamekutana na uongozi mara mbili tangu hapo. Kiambatisho kimerudishwa. Mashine ya tatu imefungwa getini, na uongozi umekubali kwamba kuchelewa mara tatu hakutahesabiwa tena kuwa siku. Bonasi ya siku kwa siku wameikataa hadi sasa. Saa za kunyonyesha wamesema watazungumza na fundi wa programu. Kuhusu shilingi 45,250 za dada yetu, hawajarudisha hata moja. Mgogoro wa aina hii unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, na siku ya kulipwa mshahara ule ilikuwa siku 41 zilizopita. Fomu ameshaijaza. Anasubiri ruhusa ya kutoka kazini ili aipeleke, kwa sababu akienda bila ruhusa atahesabiwa kutofika.